Hasi Tatu Nukta Mbili

Bi Nukta aliwadharau watu kwa mpangilio, kama alivyopanga chupa zake. Waliokosea kwa kutojua aliwaweka rafu ya chini. Waliokosea kwa uvivu, rafu ya kati. Waliokosea makusudi kisha wakatia saini, hao aliwaweka juu, usawa wa macho, ili awaone vizuri kila siku.

Jina hilo alibandikwa kazini, baada ya kumrudishia mtu ripoti mara tatu kwa ajili ya nukta iliyokaa mahali pasipo pake. Hakulikataa. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na alikuwa afisa ubora wa maabara ya kupima maji. Kazi yake ilikuwa kuandaa miyeyusho ya kulinganishia, kukagua vipimo vya wenzake, na kuhakikisha kwamba namba inayotoka mlangoni ikiwa na mhuri ni namba ya kweli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajapata kumkuta mtu aliyempita kwa uangalifu, na hili alilisema waziwazi, wakati mwingine mbele ya huyo aliyempita.

Aliyekaa usawa wa macho kuliko wote alikuwa mkuu wa maabara. Watu walimwita Bwana Fremu, mbali na masikio yake. Ofisi yake ilikuwa na vyeti ukuta hadi ukuta, kila kimoja kwenye fremu ya dhahabu ya plastiki: cheti cha semina, cheti cha kuhudhuria semina ya kuandaa semina, na vyeti vya kushiriki ulinganisho wa maabara. Mgeni akiingia, Bwana Fremu alimsimamisha mbele ya hivyo vya ulinganisho na kumwambia, "Hapa tulishindana na maabara sitini na mbili."

"Cheti cha kushiriki," Bi Nukta alimwambia mgeni mmoja walipotoka nje. "Hata angetuma maji ya bomba la chooni bila kuyapima, wangempa."

Ulinganisho wenyewe ulikwenda hivi. Mara mbili kwa mwaka, waandaaji waligawa maji ya aina moja kwenye chupa na kuzipeleka kwa maabara zote. Kila maabara ilipima kwa njia yake ya kila siku na kutuma jibu bila kujua wenzake wamepata nini. Waandaaji walikuwa na thamani yao waliyoithibitisha, na kipimo cha mtawanyiko, yaani majibu ya maabara zinazojua kazi yanaruhusiwa kutofautiana kiasi gani. Walichukua jibu lako, wakatoa thamani yao, wakagawa kwa mtawanyiko huo. Kinachobaki ndicho alama zedi. Sifuri maana yake umepiga katikati. Mpaka mbili, juu au chini, uko sawa. Kati ya mbili na tatu ni onyo. Ukifika tatu, kuna kitu kimeharibika na inabidi ukitafute. Ripoti ilikuja na rangi ili hata wakuu waelewe: kijani, njano, nyekundu.

Bwana Fremu alielewa rangi.

Ripoti ya duru ya tatu ilipofika, aliita kikao saa nne asubuhi. Walikuwa watatu tu: yeye, Bi Nukta, na mpimaji waliyemwita Shemeji kwa sababu alimwoa dada wa mlinzi wa getini, na mlinzi akalieneza jina. Shemeji alikuwa mtu mzito wa umri wa Bi Nukta, mpole, mwenye tabia ya kuimba kwa pua akipima. Ndiye aliyepima naitreti na floraidi. Bi Nukta alikuwa amemweka rafu ya kati tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu ya kule kuimba.

"Naitreti," Bwana Fremu alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Mbili nukta tatu. Njano! Kwenye maabara yangu! Shemeji, umetuaibisha mbele ya maabara sitini na mbili."

Shemeji akatazama chini.

"Mkuu," Bi Nukta alisema, "duru mbili zilizopita naitreti ilikuwa sifuri nukta tatu na hasi sifuri nukta sita. Hii moja imetoka. Maabara nzuri kabisa, isiyo na kasoro yoyote, itavuka mbili kama mara moja katika kila mara ishirini, bahati tu. Nimeshapitia hesabu, uchanganyaji, na chati ya udhibiti. Hakuna kitu. Tunaandika tumekagua, tunasubiri duru ijayo."

"Tunasubiri? Njano tunaisubiri?"

"Kinachonisumbua ni floraidi."

Bwana Fremu alitafuta mstari wa floraidi kwa kidole, akauona, akatabasamu. "Floraidi ni kijani."

"Ni hasi moja nukta tisa. Duru ya kwanza ilikuwa hasi sifuri nukta tisa. Ya pili, hasi moja nukta nne. Zote upande mmoja, na kila mara tunazidi kushuka. Mtu akirusha mawe matatu yote yakaanguka kushoto, na kila jiwe likaenda mbali zaidi kuliko lile la kabla yake, hiyo si bahati, Mkuu. Huo ni mkono wake. Tuikague sasa kabla hatujafika tatu."

"Ndani ya mbili ni ndani ya mbili. Wewe mama unatafuta ugonjwa kwa mtu mzima."

Akaamua: Shemeji apelekwe mafunzo ya naitreti siku mbili, fomu ya marekebisho ijazwe, na floraidi iachwe ilivyo. Shemeji akaenda kufundishwa kipimo alichokifanya kwa miaka kumi na minne, na aliyemfundisha alimwuliza mwenyewe namna ya kukaza kifuniko cha mashine. Alirudi na cheti. Bwana Fremu akakitia fremu.

Bi Nukta alicheka kwa dharau siku nzima, lakini kicheko kilikuwa na mwiba ndani yake. Aliporudi kwenye chati ya udhibiti ya floraidi, aliikuta imenyooka kama uzi. Kila wiki Shemeji alipima sampuli ya udhibiti, maji ambayo Bi Nukta mwenyewe aliyaandaa yawe na miligramu moja kwa lita, na kila wiki alipata moja, au sifuri nukta tisa tisa, au moja nukta sifuri moja. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Myeyusho ulikuwa mzima. Akafikia hitimisho ambalo alilitangaza bila kupunguza sauti, mbele ya sinki, Shemeji akiosha chupa.

"Najua unachofanya. Sampuli ya udhibiti unaipima kwa adabu kwa sababu unajua nitaiangalia. Za wateja unazipima huku unaimba."

Shemeji alifunga bomba. "Dada, mimi naimba kwa zote."

"Basi imba kidogo, pima zaidi."

Tangu siku hiyo hakuimba tena, na chumba kile kirefu, chenye madirisha upande mmoja tu na jua la mchana lililopiga rafu za miyeyusho mpaka saa kumi, kikawa kimya kama ofisi ya msajili.

Duru ya nne ilikuja na chupa zake. Safari hii Bwana Fremu hakutaka kubahatisha. Shemeji alipomaliza kupima, floraidi ilikuwa 1.01. Kabla jibu halijatumwa, Bwana Fremu alimpigia simu mtu aliyesoma naye, mkuu wa maabara nyingine, wakaongea mpira, wakaongea ndoa ya mtu, kisha akafunga simu na kuwaita wote wawili.

"Wenzetu wamepata moja nukta mbili," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba vyeti vingemsikia. "Sisi tuandike moja nukta moja saba. Isifanane kabisa, wasije wakashtuka."

"Mkuu, hilo swali liliulizwa ili tujijue sisi. Wewe umekwenda kumuuliza jirani jina lako."

"Usinifanyie mashairi. Basi Shemeji arudie mara kumi, tutume lile zuri zaidi."

"Mteja tunampimia mara kumi?"

"Mteja hatupi alama!"

Hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kutoa, na Bi Nukta alimshukuru kwa hilo. Kisha akaketi kwenye kompyuta, maana kutuma majibu kulikuwa kazi yake, akaandika 1.01, akabonyeza. Bwana Fremu alibaki ameshika mgongo wa kiti kama mtu aliyeachwa na basi.

Wiki tano baadaye majibu yakaja. Thamani ya waandaaji ilikuwa 1.20, mtawanyiko 0.06. Pungufu ya 0.19, gawanya kwa 0.06. Hasi tatu nukta mbili. Nyekundu. Naitreti, ambayo hakuna aliyeikumbuka tena, ilikuwa sifuri nukta nne.

"Umeridhika?" Bwana Fremu aliuliza. Uso wake ulikuwa na jasho. "Uaminifu wako huo hapo, mwekundu kama pilipili."

Hakuita kikao. Alijifungia, akachapa fomu ya marekebisho mwenyewe, na saa nane mchana akamwita Shemeji aje asaini. Kwenye mstari wa chanzo cha tatizo alikuwa ameandika: *uzembe wa mpimaji.* Kwenye mstari wa hatua: *amepewa onyo na mafunzo upya.* Kwenye mstari wa ripoti za wateja zilizoathirika: *hakuna.*

Shemeji aliisoma yote, polepole, midomo ikitembea. Kisha akaiweka mezani. "Nitaisaini Jumatatu," alisema. "Nikamwulize mke wangu."

Na Bi Nukta? Bi Nukta aliiona fomu ile na hakuitetea wala kuipinga. Alimdharau aliyeichapa, lakini chini ya dharau hiyo kulikuwa na kitu kilichokubali. Si yeye mwenyewe aliyesema vilevile mbele ya sinki? Alikwenda nyumbani na wazo hilo limemkaa kama mfupa.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa sebuleni mwao, cherehani dirishani, vitambaa hadi juu ya televisheni. Jumamosi mchana Bi Nukta alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, na mumewe anamkatia jirani suruali. Binti yao, aliyekuwa likizo, alichukua futi kamba ya baba yake kujipima urefu na kuilinganisha na rula yake ya shule.

"Baba, hii kamba yako imevutika. Sentimita hamsini zako ni hamsini na moja na nusu za kwenye rula."

Bi Nukta akaangua kicheko. "Miaka ishirini unawakatia watu nguo kwa kamba ya uongo! Na hakuna hata mmoja aliyerudi?"

"Warudi kwa lipi?" Mumewe hakuinua kichwa. "Nampima mtu kwa kamba hii, nakata kitambaa kwa kamba hii hii. Ikivutika, inavutika kote kote. Nguo inamkaa. Mpaka aje na vipimo vya fundi mwingine, ndipo kelele zinaanza."

Mkono wa Bi Nukta ulisimama ndani ya mchele.

"Rudia."

"Nirudie nini, mama watoto?"

"Ulichosema."

Akarudia, akishangaa. Mkewe alikuwa ameshasimama. Sinia lilikuwa chini na mchele mwingine umemwagika, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumba ile.

Maana mashine ya floraidi ilifundishwa kila asubuhi kwa miyeyusho ya kulinganishia iliyotolewa kwenye chupa moja kubwa, chupa mama. Na sampuli ya udhibiti, ile yenye chati iliyonyooka kama uzi, ilitolewa kwenye chupa hiyo hiyo. Kama chupa mama ilikuwa ya uongo, uongo huo ulijipima wenyewe na kujipa alama kamili. Ni maji ya watu wa nje tu ndiyo yangeonyesha. Maji ya wateja, ambao hawakuwa na namna ya kujua, na maji ya ulinganisho.

Na chupa mama aliiandaa nani?

Jumatatu aliingia kazini kabla ya mfagiaji. Chupa ilikuwa kwenye rafu ya juu, usawa wa macho, pale jua lilipopiga. Aliizungusha. Kifuniko kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na shingoni mwa chupa palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi iliyokauka. Maji yalikuwa yakitoka kidogokidogo kama mvuke, floraidi inabaki, na kadiri chupa ilivyopungua ndivyo kilichobaki kilivyozidi kuwa kikali. Chupa iliyoandikwa miligramu elfu moja kwa lita haikuwa tena elfu moja. Mashine iliyofundishwa kwa ukali huo iliyaona maji ya watu kuwa hafifu kuliko yalivyo.

Kisha akasoma lebo. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita mwaka mzima. Chini yake palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: *Umekaguliwa, udhibiti mzuri, muda umeongezwa.* Na chini yake tena, miezi sita baadaye, maneno yaleyale. Saini zote mbili zilikuwa nzuri, za mtu mwangalifu, zenye nukta mwishoni.

Zilikuwa zake.

Alisimama pale mpaka mfagiaji alipoingia na kumsalimia mara mbili. Waliokosea kisha wakatia saini: rafu ilikuwa mbele ya uso wake, na hakuhitaji kumtafuta aliyestahili kukaa hapo.

Shemeji alipofika alimkuta amefungua kabati la Bwana Fremu na kutoa chupa mpya ya myeyusho wenye cheti, haijafunguliwa, iliyokuwa ikitunzwa kwa ajili ya kumwonyesha mkaguzi wa ithibati tu. Ilikuwa na vumbi kidogo na tarehe yake ilikuwa bado.

"Hiyo ni ya mkaguzi," Shemeji alisema.

"Sasa ni ya maji. Kaa hapa. Pima wewe, mimi nisiguse kitu."

Shemeji akaifundisha mashine upya kwa myeyusho mpya. Akachukua tone la chupa mama, akalichanganya ipasavyo, akapima. Elfu moja ilikuwa elfu moja mia moja tisini. Kisha akatoa kwenye friji kilichobaki cha maji ya duru ya nne, akapima. 1.19. Kwa hesabu ya waandaaji, hasi sifuri nukta mbili.

"Kwa hiyo mkono wangu…" alianza.

"Mkono wako ulikuwa mzima. Chupa ilikuwa yangu. Saini yangu. Na maneno niliyokuambia pale kwenye sinki yalikuwa ya mtu mjinga anayejiona."

Shemeji alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Huenda alitegemewa kusema haidhuru. Hakusema. "Nilimwambia mke wangu ni kweli nimezembea," alisema. "Tangu Ijumaa najitafuta nilikosea wapi. Watoto wangu wananiangalia." Akatupa glavu, akatoka nje, akakaa kwa mlinzi nusu saa.

Bwana Fremu alipoletewa habari, alifurahi. Hilo Bi Nukta hakulitegemea. "Basi tumepata chanzo!" alisema, akichukua kalamu. "Chupa imetupwa, chupa mpya imefunguliwa, tunafunga fomu. Hata uzembe wa mpimaji tunaufuta. Safi kabisa."

"Hatujafunga. Kuna ripoti tulizotoa."

"Zipi?"

"Za mwaka mmoja na nusu. Kila floraidi iliyotoka hapa ilikuwa pungufu, na za karibuni ndizo pungufu zaidi. Kiwango cha juu ni moja nukta tano. Mtu tuliyemwambia ana moja nukta tatu, huenda yuko juu ya moja nukta tano. Tumemwambia anywe."

Bwana Fremu aliweka kalamu chini. "Unataka tuwaandikie wateja kwamba tulikosea?"

"Ndiyo."

"Kwa barua? Yenye nembo?"

"Yenye nembo, na mhuri, na jina langu kwenye chanzo."

"Mama, wewe una nini? Alama moja nyekundu. Moja! Mwenyewe ulinihubiria hapa kwamba mara moja katika ishirini ni bahati."

"Nilisema hivyo kuhusu njano moja isiyo na chanzo. Hii ni nyekundu, ina tatu nyuma yake zilizoshuka upande uleule, na chanzo chake kiko mezani kina ufa. Bahati mbaya haiachi ukoko shingoni mwa chupa."

"Sitasaini."

Bi Nukta akatoka, akachukua karatasi nyekundu, akaandika *HAITUMIKI KWA SAMPULI ZA WATEJA*, akaibandika kwenye mashine ya floraidi. Bwana Fremu alimfuata mpaka mlangoni.

"Kwa amri ya nani?"

"Mwongozo wa ubora, ukurasa wa kumi na nne. Afisa ubora anaweza kusimamisha kipimo akiona majibu hayaaminiki. Saini yako iko ukurasa wa mbele."

Alikuwa ameusaini bila kuusoma, na uso wake ulisema hivyo mbele ya kila mtu.

Iliwachukua siku tisa. Shemeji na Bi Nukta walipitia ripoti zote, wakatenga zile ambazo kosa lingeweza kubadilisha uamuzi wa mteja. Zilikuwa kumi na moja. Wakaomba maji mapya, wakapima kwa myeyusho mpya. Kumi zilipanda na kubaki chini ya kiwango. Moja haikubaki. Kilikuwa kisima cha shule ya msingi, waliyoiambia miezi miwili kabla kwamba ina 1.33. Ilikuwa 1.58.

Barua kumi na moja zikatoka, kwa saini ya Bi Nukta. Kumi na mbili, ukihesabu ile ambayo Bwana Fremu aliwaandikia makao makuu usiku huohuo wa kwanza kujitenga na jambo lenyewe. Mkaguzi wa ithibati akaja, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akakaa siku mbili. Alisoma fomu ambayo Bi Nukta aliijaza upya: chupa mama kuisha muda, muda kuongezwa bila msingi, udhibiti kutoka chanzo kilekile. Hatua: udhibiti utengenezwe daima kutoka kwa mtengenezaji mwingine, tarehe zisiongezwe, na mwelekeo wa alama za duru zilizopita usomwe pamoja na alama ya sasa.

"Fomu kama hizi nimesoma mia," mkaguzi alisema. "Tisini na tano chanzo ni uzembe wa mpimaji."

"Hata hii ilikuwa hivyo mpaka Jumatatu," Bi Nukta alijibu.

Kibali cha floraidi kilisimamishwa mpaka duru iliyofuata. Bi Nukta alipewa barua ya onyo, akaisoma, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akaisaini. Bwana Fremu hakupewa onyo lolote. Makao makuu walisifu namna maabara yake ilivyoshughulikia tatizo kwa uwazi, wakamhamisha kwenda juu kusimamia ubora wa maabara nane. Siku ya kumuaga alitoa hotuba ya dakika arobaini kuhusu uwazi. Bi Nukta alimpigia makofi mawili, akahesabu, akarudi kazini. Alikuwa ametegemea kumchukia zaidi ya hapo, lakini dharau yake ilikuwa na kazi nyingine sasa, na mtu aliyeihitaji alikuwa karibu.

Shemeji alimsalimia kila asubuhi na kumjibu alipoulizwa. Zaidi ya hayo hakumpa kitu kwa miezi mitatu. Bi Nukta hakumwomba. Siku moja tu alimwambia, "Unaweza kuimba, mimi sisikii vizuri siku hizi," naye akasema, "Nitaona." Duru iliyofuata ilileta floraidi hasi sifuri nukta tatu, naitreti sifuri nukta tano. Walizisoma pamoja wamesimama. Hakuna aliyeshangilia, lakini Shemeji aliivuta ripoti karibu na kuisoma mara ya pili.

Kibali kiliporudi, shule iliandika kuomba kisima kipimwe tena. Wakati huo wote walikuwa wamekifunga kwa mnyororo, na wanafunzi wakichota kwenye bomba la barabarani, foleni mbili kila asubuhi. Afisa ubora halazimiki kwenda kuchota sampuli, lakini Bi Nukta alikwenda mwenyewe, na boksi la barafu begani.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti nene. Hakumkaribisha kiti. "Wewe ndiye uliyeandika ile barua?"

"Ndiye mimi, Mwalimu. Na ile ripoti ya kwanza pia ilitoka kwenye chupa yangu."

"Nina wanafunzi mia sita. Wa darasa la kwanza wanaota meno ya ukubwani sasa, na floraidi ikizidi ndiyo inayoyaharibu. Mlisema salama, wakanywa. Kisha mkasema si salama. Leo mkiniambia salama tena, nikuamini kwa lipi?"

Bi Nukta alikuwa na majibu. Alikuwa na ukurasa wa fomu, myeyusho wenye cheti, hasi sifuri nukta tatu. Yote aliyaona yakipita kichwani, na yote yalimtia aibu kidogo, kama mtu anayejitolea ushahidi wake mwenyewe.

"Usiniamini," alisema. "Toa chupa mbili. Moja nipe mimi. Nyingine peleka maabara nyingine, usiniambie ipi."

Mwalimu mkuu akamwita mtunza bustani afungue mnyororo. Akaingia ofisini, akarudi na chupa safi ya plastiki, ameikamata kwa kifuniko kama mtu aliyefundishwa. Pampu ilikuwa imekauka, ikakohoa, ikatoa maji mekundu ya kutu kwanza. Walisubiri yatoke mpaka yawe meupe.

"Faneli," Mwalimu mkuu aliamuru.

Bi Nukta akaishika faneli, juu ya chupa ya ile maabara nyingine kwanza.